Barua ya Kwanza kwa Rafiki wa Kalamu: Kutoka Muheza Hadi Kisumu, 1984

Barua ya kwanza kwa rafiki wa kalamu, yaani mtu wa nchi nyingine ambaye mwandishi hajapata kuonana naye na ambaye urafiki wao unategemea maandishi peke yake, huhesabiwa shuleni kuwa tawi la barua ya kirafiki, lakini kwa kweli inatofautiana na barua zote za kirafiki kwa jambo moja kubwa: anayeipokea hana kumbukumbu yoyote ya anayeiandika. Mtu anayemwandikia shangazi yake anaweza kuacha mambo mengi bila kuyaeleza kwa sababu shangazi anaijua nyumba, anaijua njia ya kwenda kisimani na anawajua majirani kwa majina, ilhali rafiki wa kalamu hujua tu yale yaliyomo katika karatasi aliyoishika. Makala haya yanaichunguza barua moja ya namna hiyo, iliyoandikwa Muheza, mkoani Tanga, mwaka 1984, na mwanafunzi wa kidato cha pili ambaye ndiye mwandishi wa makala haya, ikapelekwa kwa mwanafunzi wa rika lake mjini Kisumu, Kenya. Na hoja inayotetewa ni kwamba pale ambapo wanaoandikiana wanatumia lugha moja, salamu huwa kazi nyepesi na utambulisho huwa kazi nzito, kwa kuwa maneno yaleyale hubeba maisha tofauti kila upande wa mpaka.

Umbo la barua hiyo lilikuwa lile linalofundishwa darasani hadi leo. Barua rasmi, ambayo ni barua ya kiofisi, huwa na anwani mbili, ya mwandishi na ya mwandikiwa, lakini barua ya kirafiki ina anwani moja tu, ya mwandishi, inayokaa juu upande wa kulia pamoja na tarehe, kisha hufuata mwanzo wa kumwita mwandikiwa, salamu, kiini cha barua, hitimisho na jina. Mpangilio huu wa salamu kwanza na habari baadaye haukuzaliwa na shule za kikoloni, kwani Waswahili wa pwani walikuwa wakiandikiana kwa hati za Kiarabu muda mrefu kabla ya shule hizo, na miongoni mwa barua za Kiswahili kongwe zilizohifadhiwa zimo zilizotoka Kilwa mnamo mwaka 1711. Katika desturi hiyo ya pwani mwandishi humtaja mwandikiwa kwa heshima zake, humpa salamu, huarifu hali yake, kisha huweka neno «wabaadu», lenye maana ya «na baada ya hayo», ili msomaji ajue kwamba salamu zimekwisha na shauri lenyewe linaanza; na «baada ya salamu» ya mwanafunzi wa leo inafanya kazi hiyohiyo mahali palepale.

Mwaka 1984 haukuwa mwaka wa kawaida kwa barua kati ya Tanzania na Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ikiendesha reli, bandari, ndege na posta za Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, ilivunjika mwaka 1977, na mwaka huohuo Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, mpaka ambao haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Maana yake ni kwamba kijana aliyefika kidato cha pili mwaka 1984 alikuwa amepitia karibu shule yote ya msingi huku nchi ya jirani ikiwa kitu cha kusikika redioni tu, ingawa kutoka Muheza hadi kituo cha mpakani cha Horohoro si safari ya siku nzima. Wazazi wake walikumbuka stempu zilizoandikwa majina ya nchi zote tatu, na walikumbuka shilingi ambazo kwa miaka kadhaa zilibadilishana sawa kwa sawa, lakini yeye mwenyewe hakuwa na kumbukumbu hiyo, na rafiki wa Kisumu hakuwa nayo pia.

Jina na anwani ya rafiki huyo vilipatikana kwa njia iliyokuwa ya kawaida wakati huo, yaani ukurasa wa marafiki katika gazeti, ambamo kila kijana aliorodheshwa kwa jina, umri, sanduku la posta na mambo anayoyapendelea, kama vile kusoma vitabu, kusikiliza redio au kubadilishana stempu. Orodha hiyo ilikuwa fupi kiasi kwamba karibu kila kijana alifanana na mwenziwe, na ndiyo sababu mwenye jina lililochapishwa aliweza kupokea barua nyingi kwa mkupuo mmoja, asiweze kuzijibu zote, akachagua chache zilizompa kitu cha kushika. Mwandishi wa barua ya kwanza alipaswa kulijua jambo hili kabla hajashika kalamu, kwa sababu barua yake ilikuwa inakwenda kushindana na nyingine.

Karatasi iliyotumika ilikuwa erogramu, yaani karatasi moja nyepesi ya rangi ya buluu ambayo huandikwa, hukunjwa na kubandikwa gundi kingoni hadi ikawa bahasha ya nafsi yake, na ambayo stempu yake huwa imekwisha kuchapwa. Erogramu ilikuwa nafuu kuliko bahasha ya ndege, lakini ilikuwa na masharti mawili yaliyoamua sura ya barua: kwanza, haikuruhusiwa kutiwa kitu chochote ndani, hivyo picha ya studio ilibidi ingoje barua ya pili, na pili, nafasi yake ilikuwa na mwisho, na mwandishi aliyetumia upande wa kwanza wote kwa salamu alijikuta akiubana utambulisho wake pembezoni, kwa herufi ndogo zinazopanda ukingo wa karatasi. Kwa hiyo, kabla ya kuandika, ukurasa uligawanywa kwa kukadiria: mistari michache ya salamu, miwili au mitatu ya kueleza jina limepatikana wapi, sehemu kubwa kabisa ya utambulisho, na mistari ya mwisho kwa maswali.

Katika salamu ndipo mazoea yanapoweza kumpotosha mwandishi. Wanafunzi wa wakati huo walikuwa na hazina ya misemo ya kuanzia barua, ya salamu zinazovuka milima na mabonde, ya uzima wa mwandishi ulio madhubuti kama chuma, na ya hofu na mashaka juu ya yule aliye mbali na upeo wa macho. Misemo hii ni mizuri mahali pake, lakini ikichunguzwa itaonekana kwamba mingi kati yake imetungwa kwa ajili ya watu ambao tayari wanajuana, kwa kuwa hofu juu ya aliye mbali ni ya mtu aliyewahi kuwa karibu, na kuomba kusalimiwa «wote wanaonifahamu» katika nyumba ambayo hakuna anayemfahamu mwandishi ni kuandika mstari usio na mtu wa kuupokea. Barua ya Muheza ilibakiza salamu mbili tu: ya rafiki mwenyewe, kwa kumtakia afya na masomo mema, na ya wazazi wake, kwa heshima ya shikamoo. Hiyo ya pili ilifuatwa na maelezo mafupi kwamba huko Tanga mtoto hawezi kuingia katika nyumba ya mtu, hata kwa barua, bila kuwaamkia wakubwa kwa neno hilo, kwani shikamoo, ambayo ni amkio la kila siku Tanzania, haikuwa amkio la kawaida katika nyumba nyingi za Kisumu, ambako wazee wengi huamkiana kwa Kijaluo.

Baada ya salamu, na kabla ya utambulisho, ilikuja sehemu ambayo vitabu vya insha mara nyingi huisahau, nayo ni kueleza jina na anwani vimepatikana wapi. Mtu anayepokea barua yenye stempu ya nchi nyingine na mwandiko asioujua huanza kwa kujiuliza ni nani huyu na amenijuaje, na maadamu swali hilo halijajibiwa, hata utambulisho ulio bora husomwa kwa mashaka, hasa na mzazi ambaye huenda ndiye anayeifungua barua kwanza. Kwa hiyo barua ilitaja gazeti, ikataja kwamba tangazo lilisema rafiki anapenda kilimo na hadithi, na ikasema kwamba ni neno kilimo lililomfanya mwandishi achague jina hilo miongoni mwa yaliyochapishwa. Kutaja sababu ya kuchagua kulikuwa na faida ya ziada, kwani kulimwonyesha mpokeaji kwamba barua haikunakiliwa kwa watu kumi.

Utambulisho wenyewe ulianza kwa shule, na hapo ugumu uliotajwa mwanzoni ukajitokeza. Mwandishi na mwandikiwa wote walikuwa kidato cha pili na wote walisoma masomo ya sekondari kwa Kiingereza, kiasi kwamba ilionekana hakuna cha kueleza. Kumbe njia zilizowafikisha hapo zilikuwa mbili tofauti. Tanzania ilikuwa imefanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika shule nzima ya msingi tangu mwaka 1967, hivyo kijana wa Muheza alijifunza hesabu, historia na sayansi kwa Kiswahili hadi darasa la saba, akakutana na Kiingereza cha masomo karibu yote kwa ghafla katika kidato cha kwanza. Kwa upande wa Kenya, Kiingereza kilikuwa lugha ya kufundishia katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, na Kiswahili hakikuwa somo la lazima la kutahiniwa mwisho wa shule ya msingi hadi mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, mfumo unaoitwa hivyo kwa miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu. Barua haikuweza kusimulia yote haya, na haikuhitaji. Ilieleza kwa sentensi moja kwamba mwandishi alisoma masomo yake yote kwa Kiswahili hadi darasa la saba na kwamba sasa anapata taabu kubwa zaidi katika kueleza majaribio ya kemia kwa Kiingereza. Sentensi hiyo iligeuka kuwa sehemu ya barua iliyojibiwa kwa urefu kuliko nyingine, kwa sababu rafiki wa Kisumu alikuwa na taabu ya kinyume, ya kuandika barua ndefu ya Kiswahili.

Baada ya shule ilikuja familia, na hapa inafaa kutoa mfano mmoja kwa ukamilifu. Baba wa mwandishi alikuwa balozi wa nyumba kumi, yaani kiongozi aliyechaguliwa na wakazi wa nyumba zipatazo kumi kupatanisha ugomvi mdogo, kutambulisha wageni na kupeleka habari kati ya wananchi na chama, katika utaratibu ulioanzishwa na TANU katikati ya miaka ya 1960 na kurithiwa na CCM. Mwanafunzi wa Muheza aliposema kwamba baba yake ni balozi, kila mtu mtaani alielewa, lakini msomaji wa Kisumu ambaye kwake balozi ni mwakilishi wa serikali katika nchi ya nje angeliona jina hilo kama majivuno au uongo, kwa sababu mtoto wa mwakilishi wa serikali hangekuwa akiandika kutoka kijiji cha wakulima wa machungwa kwa erogramu. Nchini Kenya kazi zinazokaribiana na hizo zilikuwa mikononi mwa wazee wa vijiji na machifu, na chifu wa Kenya alikuwa mtumishi wa serikali anayelipwa mshahara, ilhali Tanganyika ilifuta utawala wa machifu mwaka 1963. Barua ililimaliza suala hili kwa kueleza kazi badala ya cheo: ilisema kwamba baba ni mkulima, na kwamba majirani wa nyumba kumi walimchagua awe msuluhishi wao, kazi inayoitwa ubalozi na isiyolipwa mshahara.

Kutokana na mfano huo inapatikana kanuni ambayo ilitumika katika utambulisho wote, nayo ni kwamba cheo, kiwango cha shule na bei ya kitu ni mambo matatu ambayo hayavuki mpaka yakiwa peke yake. Bei ilikuwa na mtego wake, kwa kuwa nchi zote mbili ziliita fedha zao shilingi, lakini tangu mwaka 1966 kila nchi ilikuwa na shilingi yake, na kufikia mwaka 1984 uwezo wa shilingi hizo wa kununua ulikuwa umeachana, hasa Tanzania, ambako sabuni, sukari na nguo vilikuwa adimu madukani. Aliyemwandikia Mkenya kwamba daftari ni shilingi kadhaa alikuwa ametoa tarakimu ambayo mwenziwe aliisoma kwa kipimo cha nyumbani kwake. Njia iliyofaa ilikuwa kukitaja kitu kwa kitu kingine, kwa mfano kusema ni madaftari mangapi yanayopatikana kwa tenga moja la machungwa, kwani tenga na daftari ni vitu ambavyo kila msomaji anaweza kuviona.

Sehemu ya mwisho ya utambulisho ilihusu kile ambacho mwandishi alikijua kwa mikono yake. Barua nyingi za wenzake darasani zilijaza nafasi hii kwa orodha ya mambo wanayopenda, kabumbu, muziki, kusoma, ambayo ilikuwa kweli kwa kila mmoja wao na hivyo haikumtenga yeyote. Barua hii ilitaja jambo moja, kubebesha miche ya michungwa katika shamba la mjomba, na ikalieleza kwa sentensi tatu: kwamba mche wa mlimau ukifikia unene wa penseli gome lake huchanjwa kwa kisu chembamba umbo la herufi T, kwamba jicho, yaani chipukizi dogo lililobanduliwa pamoja na kipande cha gome kutoka mchungwa mzazi, hupachikwa ndani ya mkato huo na kufungwa kwa utepe wa plastiki, na kwamba baada ya wiki tatu hivi utepe hufunguliwa, na jicho likiwa bado kijani hujulikana kuwa limeshika, ilhali lililokauka na kuwa kahawia limekufa. Kisha ilibainisha sababu ya kazi yote hiyo, kwamba mizizi ya mlimau huvumilia udongo mbaya na ukame kuliko ya mchungwa, na kwamba mchungwa uliobebeshwa huzaa mapema kuliko uliooteshwa kwa mbegu.

Maswali yaliyofunga barua yalichaguliwa kwa kuzingatia muda wa posta, ambao haukutabirika na uliweza kuwa wa majuma mengi. Swali kama «utafanya nini likizo hii» hufa njiani, kwa sababu likizo huwa imepita barua inapofika, na swali kama «Kenya ikoje» halijibiki kwa sababu hakuna anayejua aanzie wapi. Barua iliuliza maswali mawili yasiyochakaa: wavuvi wa Kisumu wanawavuaje wale samaki wadogo wanaokaushwa juani, ambao Tanzania huitwa dagaa na Wajaluo huwaita omena, na je, shuleni kwao kuna shamba la wanafunzi. Haikuomba kitu. Katika mwaka ule wa uhaba, barua nyingi za kwanza zilimalizika kwa kuomba saa, viatu au kalamu kutoka Kenya, jambo linaloeleweka kwa hali ya wakati huo, lakini ombi katika barua ya kwanza humgeuza mpokeaji kuwa mfadhili kabla hajawa rafiki, na kama hana uwezo, aibu ya kukosa cha kutuma humzuia hata kujibu salamu.

Jibu lilipowasili lilionyesha kwa uwazi ni sehemu zipi za barua zilizofanya kazi. Salamu zilirudishwa kwa mstari mmoja, na shikamoo ikajibiwa na mama wa rafiki, aliyeagiza iandikwe marahaba. Suala la balozi halikuulizwa, maana lilikuwa limeeleweka, jambo ambalo ni ushahidi kwamba maelezo yaliyotosha hayaachi alama katika jibu. Kuhusu omena, rafiki alieleza kwamba huvuliwa usiku usio na mbalamwezi kwa taa za karabai, kwani samaki hao hufuata mwanga na kukusanyika karibu na mitumbwi, ndipo huzungushiwa nyavu zenye matundu madogo sana. Na kuhusu kubebesha aliuliza maswali manne mfululizo, likiwemo la kama jicho la mchungwa linaweza kubebeshwa juu ya mndimu ulioota nyuma ya jiko lao. Swali hilo ndilo lililoizaa barua ya pili, ya tatu na zilizofuata, kwa sababu lilihitaji kujibiwa, kujaribiwa na kutolewa taarifa.

Kutokana na uzoefu huo, mtu anayeandika barua ya kwanza leo, iwe kwa karatasi au kwa ujumbe wa simu ambao hauna ukingo wa kumwekea mpaka, anaweza kuipima kabla ya kuituma kwa kuisoma kana kwamba yeye ndiye mpokeaji asiyejua chochote. Afute katika salamu kila mstari unaodai ujuano ambao haujakuwapo. Aangalie kama ameeleza mapema jina amelipata wapi. Achukue kila cheo, kila darasa na kila bei, ajiulize kama mtu wa nchi ile atakipima kwa kipimo kilekile, na kama sivyo aeleze kazi, njia au kitu badala ya jina. Na ahakikishe kwamba kuna angalau jambo moja analolijua kwa undani ambalo mwenziwe anaweza kuliuliza zaidi. Barua ikiwa na ukarimu wote wa salamu lakini haina jambo la namna hiyo, itapokelewa kwa furaha, itasomwa mbele ya familia, na itawekwa ndani ya kitabu bila kujibiwa, si kwa sababu mpokeaji hana adabu, bali kwa sababu hakupewa pa kuanzia.